Kichanga wa siku 6 anatapika kijani: tusubiri hadi kesho au tuondoke sasa?

Shangazi_Sengerema (mwanzilishi wa uzi), saa 1:20 asubuhi

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Ninaandika kwa niaba ya wifi yangu, ambaye siku 6 zilizopita alijifungua salama mtoto wa kiume mwenye uzito wa kilo 3.1. Hadi jana mchana mtoto alinyonya vizuri, na maziwa aliyokuwa akicheua yalikuwa meupe kama ilivyo kawaida. Tangu alfajiri ya leo ametapika mara tatu. Mara ya kwanza rangi ilikuwa manjano inayoelekea kijani, na mara mbili zilizofuata ilikuwa kijani kabisa, kiasi kwamba khanga tuliyompangusia imebaki na doa la kijani.

Hana homa. Tumbo lake ni laini na halijavimba. Choo cha kwanza, kile cheusi, alikipata siku aliyozaliwa, na jana jioni alipata choo cha manjano. Usiku tulimpeleka zahanati kwa sababu alikuwa akilia bila kutulia, na tulipompigia muuguzi simu tena alfajiri baada ya kutapika alituambia tumwangalie hadi kesho, kwa kuwa tumbo ni laini na mtoto bado anataka kunyonya. Mama mkwe wangu anasema ni mchango, na ameshachemsha dawa ya majani. Ninaomba kujua kama rangi hii peke yake ni sababu ya kutosha kumpeleka hospitali kubwa, kwa kuwa safari yenyewe ni ya gharama na wifi bado ana mshono.

Mkongwe_wa_Kata, saa 1:34 asubuhi

Pole sana, mwanangu. Mimi nimelea watoto na wajukuu, na ninachokijua ni kwamba hiyo rangi ya kijani ni nyongo. Mtu akitapika mara kadhaa tumbo likabaki tupu, chakula kinakwisha na kinachofuata ni nyongo. Hata sisi wakubwa tukishikwa na malaria tunatapika hivyo hivyo. Kwa maoni yangu mtoto ana njaa, kwa hiyo mama amnyonyeshe mara kwa mara na kidogo kidogo, na dawa ya majani isubiri kwanza.

Daktari_Mpasuaji, saa 1:41 asubuhi

Shangazi, tafadhali ondokeni sasa. Msisubiri kesho, wala msisubiri kusoma maelezo yangu hadi mwisho, mtayasoma njiani. Nendeni moja kwa moja kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji anayeweza kumfanyia kazi mtoto mchanga, ambayo kwenu ni hospitali ya rufaa jijini Mwanza. Mtoto asinyonye tena kuanzia dakika hii, na asipewe dawa ya majani, maji, wala kitu chochote cha kinywani. Mama ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, amfunike vizuri kichwa na miguu, na ile khanga yenye doa muibebe muonyeshe daktari kwa macho yake.

Sasa nieleze kwa nini ninasema hivyo kwa haraka. Nyongo huingia kwenye utumbo mwembamba hatua chache tu baada ya mfuko wa chakula. Kizuizi kikiwa juu ya mlango huo, mtoto hutapika maziwa meupe hata kama anayarusha mbali, kama inavyotokea kwa wale wa wiki 3 hadi 6 ambao njia ya kutokea mfuko wa chakula imekuwa nene na kubana. Kizuizi kikiwa chini ya mlango wa nyongo, kinachorudi ni kijani. Kwa hiyo rangi ya kijani kwa mtoto wa umri huu inatuambia kwamba njia huenda imeziba, na pia inatuambia ni upande gani.

Kuna sababu kadhaa za kuziba, lakini iko moja inayonifanya niandike bila kusalimia. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, utumbo wake huzunguka na kujishikiza mahali pake, upande mmoja juu kushoto na upande wa pili chini kulia, kwa mzizi mpana. Kwa watoto wachache mzunguko huo haukamiliki, utumbo wote unabaki umening'inia kwenye mzizi mwembamba, na siku yoyote unaweza kujisokota kama nguo inayokamuliwa. Mishipa ya damu inayolisha karibu utumbo mwembamba wote inapita katika mzizi huo huo. Ukisokotwa, damu inakatika, na utumbo unaweza kuanza kufa ndani ya saa chache. Wengi wa watoto wanaopatwa na jambo hili hupatwa katika mwezi wa kwanza wa maisha.

Tumbo laini halinipi utulivu wowote hapa. Utumbo unaposokotwa kwa namna hii huzibwa juu kabisa, kwa hiyo sehemu iliyo chini ya kizuizi haina kitu ndani yake cha kuifanya ivimbe. Choo cha jana kilikuwa kimeshateremka kabla njia haijafungwa. Tumbo likianza kuvimba na kuwa gumu, mtoto akalegea au akatoa choo chenye damu, mara nyingi utumbo umeshaanza kuharibika. Tunataka mtoto afike akiwa bado anaonekana mzima, kama alivyo sasa.

Mkongwe_wa_Kata, saa 1:52 asubuhi

Nimekuelewa, daktari, na shangazi naomba amsikilize. Hata hivyo naomba kuuliza ili nami nijue: je, si kweli kwamba nyongo hutoka tumbo likiwa tupu?

Daktari_Mpasuaji, saa 1:58 asubuhi

Ni kweli, mzee wangu, kwa mtu mzima. Mtu mzima aliyetapika mara nyingi kwa malaria au kwa chakula kibovu hufika mahali akatapika maji machungu ya manjano au kijani, na kwake rangi hiyo pekee haimaanishi hatari. Kwa mtu mzima ninauliza mengine: je, tumbo linavimba na kuuma kwa vipindi, je, ameacha kutoa hewa na choo, je, ana ngiri ambayo jana ilikuwa ikirudi na leo imekuwa ngumu haitaki kurudi? Yakiwepo hayo pamoja na matapishi ya kijani, aende hospitali siku hiyo hiyo bila kulala. Yasipokuwepo, ninatibu kilichosababisha kutapika.

Kichanga hatuwezi kumpimia kwa kipimo hicho. Mtoto wa siku 6 aliyetapika mara moja au mbili hajatapika vya kutosha kumaliza kilichomo tumboni, na bado nyongo imerudi. Si kila kichanga anayetapika kijani hukutwa na utumbo uliosokotwa. Wengine hukutwa na maambukizi ya damu, na wengine hatuoni kitu na wanarudi nyumbani. Lakini hakuna mtu anayeweza kuwatofautisha kwa kuwashika tumbo.

Shangazi_Sengerema, saa 2:05 asubuhi

Shikamoo daktari, na asante. Tumepata gari, tunaondoka. Ametapika tena, kijani. Mama mkwe amekubali.

Tabibu_wa_Kituo, saa 2:30 asubuhi

Marahaba ya daktari itafuata, naamini. Kwa sasa tuwaombee safari njema. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya cha vijijini, na gari la wagonjwa kwetu linaweza kuchukua nusu siku kufika. Naomba daktari anieleze ninachotakiwa kufanya na kichanga kama huyu wakati ninasubiri, kwa sababu katika mwongozo tulionao kituoni maelezo ni mafupi.

Daktari_Mpasuaji, saa 3:10 asubuhi

Swali zuri, na naomba radhi kwa kuchelewa, nilikuwa wodini. La kwanza ni mpira wa tumboni, ukubwa namba 8, unaopitishwa puani au kinywani. Vuta kilichomo kwa bomba la sindano, andika rangi na kiasi chake, kisha uache mpira wazi ukidondokea kwenye mfuko au glavu. Watu wengi huweka mpira halafu wakaufunga kwa kizibo chake, na mtoto hutapika pembeni ya mpira akavuta matapishi mapafuni. Mpira uliofungwa hauna kazi.

La pili ni dripu yenye sukari, kwa sababu kichanga asiyenyonya huishiwa sukari haraka. Glukosi ya asilimia 10 ndiyo tunayoitumia, na kama una kipimo cha sukari, mpime kabla hujamsafirisha. Mtoto akiwa na mikono na miguu baridi, na ukibonyeza ngozi ya kifua rangi inachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mpe kwanza maji ya chumvi ya kawaida, mililita 10 kwa kila kilo, kisha umpime tena. Kwa mtoto wa kilo 3 hizo ni mililita 30 tu, nusu ya kikombe kidogo cha kahawa, kwa hiyo itolewe kwa bomba la sindano. Chupa nzima ikiachwa wazi itamzamisha.

Mpe ampisilini na jentamaisini dozi ya kwanza, kwa kuwa maambukizi ya damu hatuwezi kuyaondoa kwenye orodha. Angalia kadi kama alipewa sindano ya vitamini K alipozaliwa. Kama hakupewa, mpe miligramu 1, kwa sababu huenda anakwenda kupasuliwa. Na katika barua ya rufaa usiandike «kutapika» peke yake. Andika «matapishi ya kijani, utumbo kujisokota unashukiwa», na upige simu. Barua inayosema kutapika itamweka mtoto kwenye foleni ya kuhara na kutapika.

Marahaba, Shangazi.

Baba_Mtarajiwa, saa 3:26 asubuhi

Nimesoma uzi huu kwa hofu kubwa. Mke wangu ana ujauzito wa miezi miwili na nusu, na kila asubuhi anatapika maji ya manjano, wakati mwingine yenye kijani. Je, inabidi naye afanyiwe upasuaji?

Tabibu_wa_Kituo, saa 3:33 asubuhi

Hapana, ndugu. Tunayemzungumzia ni kichanga. Mkeo anatapika asubuhi akiwa hajala, na kwa mjamzito wa umri huo wa mimba rangi hiyo ni ya kawaida. Mpeleke kliniki iwapo hawezi kubakiza hata maji kwa siku nzima, mkojo umekuwa mchache na mweusi, au anazungukwa na kizunguzungu anaposimama, kwa kuwa hapo atahitaji dripu.

Mpiga_Picha_za_Eksirei, saa 4:15 asubuhi

Naomba kuongeza jambo moja kutoka idara yangu. Nimewahi kuona kichanga wa aina hii akirudishwa nyumbani kwa sababu eksirei ya tumbo «ilikuwa nzuri». Eksirei ya kawaida inaweza kuonekana bila dosari kabisa wakati utumbo umesokotwa. Kipimo kinachoonyesha ni ama kumnywesha mtoto dawa ya kung'aa kidogo na kupiga picha mfululizo wakati inapita, tukatazama kama utumbo wa kwanza unavuka kwenda kushoto kama unavyotakiwa au unateremka kulia kwa mzunguko wa parafujo, ama altrasaundi ya mishipa ya mzizi wa utumbo. Kwa kawaida mshipa wa kurudisha damu uko kulia mwa ule unaopeleka. Vikiwa vimebadilishana upande, au mmoja ukionekana unauzunguka mwingine, jibu limepatikana. Altrasaundi inafanyika kitandani ndani ya dakika chache, ila inategemea sana mkono wa anayeishika, na altrasaundi isiyoonyesha kitu haitoshi kumwondolea mtoto shaka.

Mjukuu_wa_Mwalimu, saa 5:02 asubuhi

Naomba mniruhusu niulize la kwangu, kwa kuwa nalo ni la matapishi. Babu yangu ana miaka 71. Ana maumivu ya magoti na kwa miezi mingi amekuwa akinunua diklofenaki dukani, anakunywa asubuhi na jioni. Jana usiku alitapika kitu cha kahawia iliyoiva chenye chembechembe, sawa kabisa na masimbi ya kahawa, na yeye kahawa hanywi. Hakuna damu nyekundu hata tone. Leo asubuhi zahanati wamempima, mapigo ya moyo 76 kwa dakika, wingi wa damu 11.8, wakasema hajapoteza damu na wakampa dawa ya kupunguza asidi. Yeye mwenyewe anasema yuko sawa, ila akisimama anashika ukuta. Anatumia pia atenoloo kwa ajili ya presha.

Daktari_Mpasuaji, saa 5:20 asubuhi

Mjukuu, matapishi hayo ni damu. Damu ikikaa kwenye mfuko wa chakula, asidi inaibadilisha ikawa kahawia nyeusi yenye chembe. Kwa kawaida rangi hiyo inatuambia kwamba damu ilitoka taratibu au imesimama kwa muda, kwa hiyo haina haraka ileile ya damu nyekundu inayomwagika. Ila kusimama kwa saa chache si kupona. Kidonda kilichotoa damu kinaweza kuanza upya usiku.

Sasa tazama namba mbili alizopimwa. Mtu anayepoteza damu moyo wake hukimbia, na tukiona mapigo yamepita 100 tunashtuka. Babu anakunywa atenoloo, dawa ambayo kazi yake ni kuuzuia moyo kukimbia. Mapigo 76 kwake hayatuambii lolote. Wingi wa damu nao hauporomoki papo hapo, kwa kuwa anayetokwa na damu hupoteza damu na maji yake kwa pamoja, na kilichobaki kwenye mishipa kina uzito uleule. Namba hushuka baadaye, mwili unapovuta maji kuziba pengo. Kipimo cha leo asubuhi kirudiwe leo jioni.

Kinachonisumbua kuliko namba zote ni kwamba anashika ukuta akisimama. Mpime presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika moja hadi tatu, huku umemshika. Ikishuka kwa 20 au zaidi ile namba ya juu, amepungukiwa. Muulize pia habari za choo: kama ni cheusi, kinanata na kina harufu kali isiyo ya kawaida yake, damu imeshateremka hadi huko chini. Usikichanganye na choo cheusi cha anayekunywa vidonge vya kuongeza damu, ambacho hakinati.

Diklofenaki iachwe leo hii, na asiibadilishe kwa asprini wala ibuprofeni. Kwa magoti atumie parasetamoli kwa sasa. Aende leo kwenye hospitali yenye damu ya kuongezewa na kipimo cha kamera. Akianza kutapika damu nyekundu, au akizimia njiani, alazwe ubavu na gari lisisimame.

Mjukuu_wa_Mwalimu, saa 5:41 asubuhi

Nimempima kama ulivyoelekeza. Amelala 128, amesimama 102. Choo anasema ni cheusi tangu juzi, alidhani ni mboga. Tunakwenda.

Tabibu_wa_Kituo, saa 6:10 mchana

Kwetu wagonjwa wanaotapika damu tunawachoma asidi ya traneksami, ile inayotumika pia kwa mama aliyetokwa na damu baada ya kujifungua. Je, tuendelee?

Daktari_Mpasuaji, saa 6:25 mchana

Kwa mama mzazi, ndiyo. Kwa damu ya tumboni, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000 kutoka nchi nyingi, haukuona kwamba dawa hiyo inapunguza vifo, bali waliopewa walipata damu kuganda kwenye mishipa kwa wingi zaidi. Mimi niliacha kuitumia kwa wagonjwa hawa.

Tabibu_wa_Kituo, saa 6:31 mchana

Nakubali utafiti, daktari, ila mgonjwa anapomwaga damu mbele yako na huna kamera wala damu ya kuongezea, kukaa bila kumpa chochote ni kugumu. Bado nadhani wenzangu wengi wataendelea kuitoa.

Binti_wa_Ukerewe, saa 7:50 mchana

Kwa habari ya damu nyekundu, kaka yangu alitapika damu iliyojaa beseni dogo, nyekundu yenye mabonge, akiwa na miaka 29. Hanywi pombe na hakuwahi kulalamika tumbo. Watu walisema amelogwa, wengine wakasema ni vidonda vya tumbo. Hospitali walipomkagua walikuta bandama imekuwa kubwa hadi karibu na kitovu, na kamera ikaonyesha mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula. Chanzo kilikuwa kichocho cha tumbo, kwa kuwa tumekulia ziwani, tukioga na kuvua tangu utotoni. Walimfunga mishipa ile kwa vipete vya mpira kupitia kamera, wakampa prazikwanteli, na sasa anakunywa propranololi kila siku. Alipimwa ini, likaonekana linafanya kazi vizuri, jambo ambalo lilitushangaza.

Daktari_Mpasuaji, saa 8:15 mchana

Asante kwa kulileta, kwa maana katika ukanda wa ziwa ni jambo tunaloliona mara kwa mara. Mayai ya kichocho hukwama kwenye matawi ya mishipa inayoingia kwenye ini, makovu yanaziba njia, na damu inatafuta njia za pembeni, ikiwemo ile mishipa myembamba ya koo la chakula, hadi inapasuka. Ini lenyewe huwa bado linafanya kazi, ndiyo maana kaka yako aliweza kuvumilia kupoteza damu nyingi kuliko mlevi ambaye ini lake limekwisha. Damu nyekundu au mabonge kwa wingi ni safari ya papo hapo, saa yoyote ya usiku. Ikiwa mtu alitapika chakula mara nyingi kwa nguvu na michirizi ya damu ikaja mwishoni, mara nyingi ni mchaniko mdogo chini ya koo la chakula unaojifunga wenyewe, ila naye akaguliwe siku hiyo.

Mama_Pacha_Kahama, saa 8:40 mchana

Na kwa mtoto mchanga je? Mmoja wa pacha wangu, wa siku 9, amecheua maziwa yenye nyuzi za damu. Chuchu zangu zimepasuka na zinauma sana. Rangi ya kijani hakuna.

Daktari_Mpasuaji, saa 8:52 mchana

Kama ananyonya vizuri, amechangamka na chuchu zimepasuka, kuna uwezekano mkubwa ni damu yako aliyoimeza. Kamua maziwa kwenye kikombe cheupe kutoka titi linalouma uone kama yana wekundu. Lakini naomba uangalie kadi zao: walipata sindano ya vitamini K? Kichanga asiyeipata anaweza kutokwa na damu ya kwake mwenyewe, na huyo huonyesha pia damu kwenye kitovu, choo au mahali alipochomwa sindano. Hata maziwa yakiwa na wekundu, mpeleke akaguliwe leo. Na kama kadi haionyeshi sindano, wapelekwe wote wawili.

Shangazi_Sengerema, saa 3:30 usiku

Ndugu zangu, nimerudi na habari. Tulipita daraja la Kigongo–Busisi bila kusimama popote, na hospitalini nilipoifungua ile khanga mlangoni, daktari aliyekuwa zamu hakuniuliza swali la pili. Waliweka mpira, ukatoa kijani tele, wakaweka dripu na wakapiga altrasaundi. Walisema mishipa inazungukana. Aliingia chumba cha upasuaji alasiri.

Daktari aliyempasua ametueleza kwamba utumbo ulikuwa umesokotwa mzunguko mmoja na nusu, na ulikuwa umeanza kuwa wa zambarau. Aliusokotoa kinyume, akaufunika kwa vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu, na baada ya dakika kadhaa rangi ikarudi waridi isipokuwa kipande kifupi alichosita nacho, kisha nacho kikarudi. Hakukata utumbo. Alikata utando uliokuwa ukibana, akaupanua ule mzizi, akapanga utumbo mwembamba kulia na mpana kushoto, na akaondoa kidole tumbo. Wifi anakamua maziwa yanayohifadhiwa hadi watakaporuhusu.

Ninayo maswali mawili. Kwa nini kidole tumbo kiondolewe wakati hakikuwa na tatizo? Na ile mara ya kwanza ya alfajiri, rangi ilipokuwa manjano, je, tulipaswa kuondoka hapo hapo?

Daktari_Mpasuaji, saa 3:55 usiku

Nimefurahi mno, Shangazi. Mpangilio huo mpya unakiacha kidole tumbo upande wa kushoto, na siku kikiuma akiwa mtu mzima hakuna daktari atakayekifikiria, ndiyo maana wengi wetu tunakiondoa. Muendelee kuwa macho: makovu ya upasuaji yanaweza kuziba utumbo hata miaka ya baadaye, na kusokotwa tena hutokea kwa wachache. Akitapika kijani wakati wowote, ni hospitali, na mseme mapema kwamba aliwahi kupasuliwa.

Kuhusu manjano, maziwa ya kwanza ya mama yenyewe ni ya manjano, na mtoto wa siku 2 anayeyacheua akiwa mzima simhamishi. Manjano ya siku ya 6, wakati maziwa yameshakuwa meupe, mimi ningemtaka hospitalini.

Tabibu_wa_Kituo, saa 4:12 usiku

Hapo ninatofautiana nawe kidogo, daktari. Nikimpa rufaa kila kichanga mwenye matapishi ya manjano, gari letu moja halitarudi kituoni, na atakayekuja na kijani kamili atalikosa. Mimi ningemzuia asinyonye, nimwekee mpira na kuuacha wazi, nikitazama kinachotoka kwa saa moja. Kikitoka kijani, anaondoka.

Daktari_Mpasuaji, saa 4:20 usiku

Saa moja, ukiwa unamtazama mwenyewe na simu imeshapigwa, naweza kuielewa. Mbili, hapana.